Mzigo umedoda dukani Tunduma? Jinsi ya kuubaini, na kujua upi upunguzwe bei, upi ufungwe pamoja na upi ufutwe

Tunduma. Duka linaweza kuonekana limejaa, rafu zimepangika, na bado mwenyewe akakosa hela ya kufuata mzigo mpya. Mara nyingi hela haijapotea. Imekaa palepale rafuni, kwenye bidhaa ambazo hakuna anayeziulizia. Wafanyabiashara wanaiita mzigo uliododa.

Tunduma ina sababu zake za mzigo kudoda. Mji huu wa mkoa wa Songwe umegusana na Nakonde upande wa Zambia, kwa hiyo sehemu ya wateja wanakuja na kwacha. Kwacha ikishuka, bidhaa ileile ya shilingi inakuwa ghali kwao hata kama mwenye duka hajagusa bei. Kuna madereva wa malori wanaosubiri kuvuka, na idadi yao inapanda na kushuka kulingana na foleni. Halafu kuna wakulima wa Mbozi na Momba, ambao hela yao inaonekana zaidi katikati ya mwaka, wakati wa kuvuna mahindi na kahawa. Bidhaa iliyonunuliwa kwa ajili ya kundi moja, kundi hilo likipungua, inalala.

Kuubaini: siku moja ya kuhesabu, mwezi mmoja wa kusubiri

Vumbi siyo kipimo. Kijana wa dukani akiwa msafi, bidhaa ya mwaka mzima itang'aa kama ya jana. Kumbukumbu ya muuzaji nayo inadanganya, kwa sababu anakumbuka siku aliyouza dazeni kwa mteja mmoja na kusahau miezi mitatu ya ukimya iliyofuata.

Njia inayofanya kazi hata kwa duka lisilo na kompyuta ni hii. Siku moja, baada ya kufunga, kila bidhaa inahesabiwa, ya rafuni na ya stoo, na idadi inaandikwa kwenye daftari. Baada ya siku 30 inahesabiwa tena. Idadi ya kwanza, jumlisha iliyonunuliwa katikati, toa iliyobaki, ndiyo mauzo ya mwezi. Kisha idadi iliyopo inagawanywa kwa mauzo hayo, na jibu ni miezi ambayo mzigo huo utachukua kuisha.

Anayetumia Google Sheets kwenye simu anaweza kuweka jina la bidhaa safu ya A, idadi iliyopo safu ya B na mauzo ya mwezi safu ya C, halafu safu ya D akaandika:

```
=IF(C2=0,"IMEDODA",B2/C2)
```

Jibu la 1 au 2 halina shida kwa bidhaa nyingi. Likifika 6 na kuendelea, hapo pana hela iliyolala. Lakini namba hii isiaminiwe kabla ya kuuliza swali moja: je, bidhaa ilikuwa inaonekana? Kitu kilichofichwa rafu ya juu au kilichobaki kwenye katoni stoo hakijakataliwa na mteja, hajakiona tu. Hicho kinashushwa usawa wa macho, karibu na kaunta, kwa wiki mbili kabla ya kuguswa bei.

Duka la mfano, mwezi Juni

Chukua duka la mahitaji ya nyumbani, kwa bei za kukisia. Baada ya hesabu mbili, bidhaa nne zimeonekana nzito. Kuna chupa 48 za losheni zilizonunuliwa Sh4,500 kila moja. Kuna jozi 14 za gambuti za Sh14,000, makava 30 ya simu ya Sh2,000 na pakiti 11 za biskuti za Sh1,000. Jumla ni Sh483,000. Kwa duka la mtaa, huo ni mzigo mzima wa sabuni na sukari.

Kosa la kawaida ni kuzipiga zote punguzo moja. Kila moja imelala kwa sababu yake, na uamuzi unafuata sababu.

Biskuti ndizo rahisi. Muda wake wa matumizi umeisha, hivyo haziuzwi, hazifungwi na kitu kingine wala haziwi za bure kwa watoto. Usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na bidhaa iliyoisha muda ikikutwa rafuni maelezo ya "nilikuwa nataka kuitoa" hayasaidii. Zinatolewa siku hiyohiyo, zinatengwa kwenye boksi lililoandikwa HAZIUZWI hadi ziharibiwe, na daftarini inaingia tarehe, idadi, Sh11,000 na sababu. Picha ya simu inatosha kuwa kumbukumbu ya ziada. Anayetunza hesabu kamili ataihitaji kumbukumbu hiyo anapoonyesha hasara yake kwenye hesabu za kodi. Anayelipa kwa kiwango kinachotokana na mauzo hapati nafuu yoyote, maana kodi yake haiangalii gharama.

Makava ya simu nayo hayana mjadala mrefu. Ni ya simu ambayo watu wameacha kuitumia, na miezi sita halijatoka hata moja. Hapa ndipo wengi wanakwama: "Nilinunua Sh2,000, siwezi kuuza Sh400." Ila ile Sh2,000 ilishatoka. Swali lililobaki ni nani atatoa hela leo, na kama mwakani atatoa zaidi. Kava la simu ya zamani thamani yake inashuka kila mwezi. Mchuuzi akitoa Sh12,000 kwa yote 30, achukue.

Losheni: tarehe ndiyo inayoamua

Losheni inauzwa Sh6,000, na kwa mwezi zinatoka chupa 3. Chupa 48 kwa mwendo huo ni miezi 16. Tatizo ni kwamba tarehe ya kuisha iko miezi 7 mbele. Kwa mwendo wa sasa zitauzika 21, na 27 zitaishia kwenye boksi la HAZIUZWI. Hiyo ni Sh121,500 ambayo bado haijapotea, ila iko njiani.

Mwezi wa mwisho uondolewe kwenye hesabu, kwa sababu mteja akigeuza chupa na kuona zimebaki wiki chache anairudisha. Kwa hiyo zinatakiwa kuisha ndani ya miezi 6, sawa na chupa 8 kwa mwezi badala ya 3.

Kupunguza Sh500 hakutasaidia. Mpakani watu wanapatana, na Sh500 ndiyo ambayo mteja angeiomba hata bila tangazo. Punguzo lazima lizidi kile ambacho mazungumzo ya kaunta yangekitoa. Na kushusha kidogokidogo kila wiki kunamfundisha mteja kusubiri.

Njia nyingine ni kuifunga na kitu kinachotembea, mradi ni kitu kinachonunuliwa na mteja yuleyule. Losheni moja na sabuni mbili za kuogea, ambazo bei yake ya kawaida ni Sh1,500 kila moja, ni Sh9,000. Zikifungwa pamoja zinauzwa Sh7,500. Sabuni zilinunuliwa Sh1,250 kila moja, kwa hiyo mtaji wa furushi zima ni Sh7,000 na inabaki Sh500.

Hapo hesabu inahitaji jicho. Sabuni mbili peke yake zingeleta Sh500 hiyohiyo. Maana yake losheni imetoka kwa bei ya kununulia, haina hasara wala faida, lakini Sh4,500 imerudi kwenye mzunguko na bei ya Sh6,000 rafuni haijaguswa. Furushi likiuzwa Sh6,500, tayari sabuni ndizo zinazolipia losheni, na mwenye duka anaweza asigundue kwa sababu anaona mauzo yamechangamka.

Furushi linapewa mwezi mmoja. Likitoa chupa 8, liendelee. Zikitoka 5, bei ishuke zaidi mapema, kwa sababu Septemba bado kuna hela ya mazao mikononi mwa watu na Desemba tarehe itakuwa imekaribia mno. Atakayekuja na kwacha aibadilishe kwanza na alipe kwa shilingi, maana kwenye bidhaa inayouzwa kwa bei ya mtaji tofauti ndogo ya kubadilisha fedha inageuka hasara.

Na kabla ya yote hayo, apigiwe simu muuzaji wa jumla. Baadhi hukubali kubadilisha mzigo ukiwa bado na miezi kadhaa. Ukibaki wiki mbili, hakuna anayepokea.

Gambuti: zimedoda au zinasubiri mvua?

Songwe ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Gambuti kutouzika Juni siyo ajabu. Namba ya mwezi mmoja hapa inapotosha, na kipimo sahihi ni zilivyotoka msimu uliopita.

Kati ya jozi 14, nne ni namba 46. Hizo hazikuuzika hata kwenye mvua, kwa hiyo ni mzigo uliododa na zitolewe. Kumi zilizobaki ni namba za kawaida, na Novemba zitauzwa Sh18,000, jumla Sh180,000. Leo kuna mtu anatoa Sh10,000 kwa jozi, yaani Sh100,000 taslimu. Akubali?

Sh100,000 inanunua katoni 5 za sabuni ya mche kwa Sh20,000. Kila katoni inaleta faida ya Sh2,000 na zinaisha kwa wiki mbili. Hadi Novemba ni mizunguko 10, faida Sh100,000. Ukijumlisha na mtaji ni Sh200,000, zaidi ya kusubiri mvua.

Ila hesabu hiyo ni kweli kwa sharti moja: sabuni iwe inaisha kabla hajapata hela ya kuongeza, wateja wanarudi mikono mitupu. Kama sabuni iliyopo inatosha, katoni 5 za nyongeza hazitaongeza mteja hata mmoja. Zitakuwa mzigo mwingine unaolala, na gambuti atakuwa amezipoteza bure. Mwenye duka wa namna hiyo azifunge kwenye mfuko, azihifadhi pakavu stoo mbali na jua na panya, na rafu yake aipe bidhaa ya msimu.

Kwa duka letu la mfano, daftari linaonyesha sabuni ya mche iliisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Basi auze jozi tano sasa, tano zingoje Novemba, na za namba 46 aziache ziende kwa bei yoyote. Kila anachouza kwa bei hizi za chini kinakatiwa risiti ya EFD kwa kiasi halisi kilicholipwa, na pembeni ya jina la bidhaa daftarini anaandika idadi ya kununua safari ijayo. Kwa losheni, anaandika chupa 6.