Doti Moja na Noti Mbili: Kitendo na Nia katika Kosa la Wizi Sokoni

Tuchukue mkasa wa kubuni kutoka soko la Kariakoo. Bakari ni kuli. Asubuhi amembebea Mama Zuhura marobota ya vitenge hadi kibandani, lakini ujira wake wa shilingi 15,000 haujalipwa. Adhuhuri anamkuta Mama Zuhura ameenda kuswali na Asha, jirani wa kibanda, ndiye anayeangalia biashara. Bakari anachukua doti moja ya kitenge, anaitia kwenye salfeti lake na kusema: “Dada Asha, mwambie mama alete elfu kumi na tano yangu, ndipo achukue doti yake.” Asha anageuka kumhudumia mteja. Hapo Bakari anafungua droo, anakuta noti mbili za shilingi 10,000, anazitia mfukoni na kuirudisha doti mahali pake. Anakamatwa hatua chache tu kutoka kibandani. Anajitetea kwamba alikusudia kurudisha chenji ya 5,000 kesho yake. Je, ameiba?

Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinamhesabu mtu kuwa mwizi akichukua kitu kinachoweza kuibwa kwa hila na bila dai la haki. Upande wa kitendo hautusumbui sana. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Doti ilipotoka mezani na kuingia kwenye salfeti, kuchukua kulikamilika, hata kama Bakari alikuwa bado ndani ya kibanda. Kuirudisha hakufuti kilichokwisha kutendeka. Kunaweza tu kumsaidia hakimu kupima nia yake au adhabu. Lau Asha angemdaka mkono ukiwa juu ya doti ambayo haijasogea, tungezungumzia jaribio la wizi chini ya kifungu cha 380, ikiwa nia ya kuiba ingethibitika.

Ugumu uko kwenye nia. Wengi hudhani kwamba hakuna wizi pasipo kusudi la kumnyima mwenye mali kitu chake moja kwa moja. Hiyo ni mojawapo tu ya nia zilizotajwa na kifungu kidogo cha (2). Nia ya kukifanya kitu kuwa rehani nayo imo, na hicho ndicho hasa Bakari alichosema kuhusu ile doti. Basi anayeishia hapo atamtia hatiani.

Lakini hila ni sharti moja, na kukosekana kwa dai la haki ni sharti jingine. Kifungu cha 9 nacho kinamwondolea dhima ya jinai mtu aliyeshika mali kwa dai la haki la kweli na bila nia ya kulaghai. Bakari anaamini kwamba kuli asiyelipwa ana haki ya kuzuia mzigo. Kisheria huenda amekosea, kwa kuwa mzigo alikwisha kuukabidhi. Hata hivyo, swali la jinai si kama dai lake lingeshinda katika mahakama ya madai, bali kama aliliamini kwa dhati. Alichukua doti mchana kweupe, akataja deni na kiasi chake, tena mbele ya aliyeachiwa kibanda. Mwizi hatoi taarifa ya namna hiyo. Na kwa kuwa kukosekana kwa dai la haki ni sehemu ya maana ya wizi, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kukosekana huko bila kuacha shaka. Kwa doti, hawatafanikiwa.

Noti mbili zina habari nyingine. Kwa shilingi 15,000, imani ileile ya kudai chake bado inaweza kumkinga, ingawa kusubiri Asha ageuke kunaitia doa. Kwa 5,000 zilizozidi hana pa kushika: yeye mwenyewe anakiri zilikuwa za Mama Zuhura. Utetezi wa kurudisha kesho unagonga mwamba wa aya ya (e) ya kifungu cha 258(2), inayohesabu kuwa ni hila kuchukua fedha kwa nia ya kuzitumia upendavyo, hata kama unakusudia kuzilipa baadaye. Atasema noti haikatiki vipande. Kweli, lakini angeweza kumwomba Asha chenji, au kuchukua noti moja na kusubiri elfu tano iliyobaki. Alichagua kuondoka na zote mbili kimyakimya.

Kwa hiyo hukumu sahihi ni hii: Bakari hana hatia ya kuiba doti, wala ya kuiba shilingi 15,000 iwapo shaka kuhusu imani yake itabaki, lakini ana hatia ya kuiba shilingi 5,000. Hati ya mashtaka inayotaja doti na 20,000 kwa pamoja isimfanye hakimu azipime kwa mizani moja, maana kila kitu kilichochukuliwa kina nia yake, na kila nia inahitaji ushahidi wake.