Azimio la Musoma katika Muhtasari wa Muhtasari

Muulize mwanafunzi wa ualimu, awe Bunda, Butiama au Musoma kwenyewe, Azimio la Musoma lilihusu nini. Aghalabu atajibu kwamba mwaka 1977 Tanzania ilianza kutoa elimu ya msingi bure kwa wote. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini sicho Halmashauri Kuu ya TANU ilichoazimia ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974.

Waraka wenyewe ulikuwa maagizo ya kutekeleza Elimu ya Kujitegemea. Uliagiza kazi iwe sehemu ya masomo, na mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Uliagiza pia kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Pamoja na hayo, lengo la elimu ya msingi kwa wote, lililokuwa limepangiwa mwaka 1989, lilirudishwa nyuma hadi Novemba 1977.

Tufuatilie jinsi maana inavyoweza kuhama. Mfupishaji wa kwanza anaandika kwamba azimio lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na kwamba lilibadili masharti ya kuingia Chuo Kikuu. Hajakosea. Wa pili, anayeandika kuhusu shule za msingi tu, anaacha habari za Chuo na kusema mpango ulikuwa wa mwaka 1977. Wa tatu anasoma "wa mwaka 1977" na kuelewa kwamba ndipo ulipoanza. Kisha, kwa kuwa ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, anaongeza neno "bure", na mambo mawili ya miaka tofauti yanakuwa tukio moja. Ukimlinganisha kila mmoja na aliyemtangulia, utaona kateleza kidogo tu. Kosa linajitokeza pale wa tatu anapowekwa kando ya waraka: tarehe ya ukomo imekuwa tarehe ya kuanza, na agizo limekuwa habari ya jambo lililokwisha kutendeka.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika kile kilichodondoka. Sharti la kufanya kazi kwanza liliwaathiri wanawake kiasi kwamba lililegezwa kwao baada ya miaka michache. Mtafiti anayelijua Azimio la Musoma kama habari ya shule za msingi tu hatafikiri hata kulitafuta anapochunguza udahili wa wanawake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka hiyo. Muhtasari wa tatu haumwachii dalili yoyote kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Waraka wa 1974 nao una mipaka yake. Unatueleza kilichoagizwa, si kilichofanyika darasani. Kwa hilo la pili, itabidi kufungua daftari za mahudhurio na taarifa za wilaya za miaka iliyofuata.