Saa Moja ya Intaneti: Safari ya Vocha za Waifai Kasese na Bwera

Kipande cha karatasi kisichozidi upana wa vidole viwili, kimekatwa kwa mkasi kutoka ukurasa mmoja wenye vipande vingi vya aina hiyo. Kimeandikwa jina la mgahawa, namba kama k7m4p, na chini yake "saa 1". Mteja analipia chai yake pamoja na karatasi hiyo, anaandika namba kwenye simu, intaneti inafunguka. Biashara hii imepitia njia ndefu kabla ya kufika hapo.

Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya Uganda ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali. Mwenye duka hakuuza intaneti peke yake. Aliuza kiti, kompyuta na dakika. Saa ilianza mteja alipokaa na kuishia alipoinuka, na umeme ukikatika kila mtu aliona kazi imesimama. Wakati huohuo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukwangua kadi za simu: kulipa kwanza, kuingiza namba, kisha kutumia mpaka salio liishe.

Mkongo wa taifa ulipofika Kasese, na simu za kugusa zilipoenea, mambo hayo mawili, kuuza dakika na kulipa kwanza, yalikutana. Mteja alikuja na kifaa chake mwenyewe, kwa hiyo kilichobaki kuuzwa kilikuwa muda. Huko Kampala, mwaka 2015, Roke Telkom ilianza kuuza waifai ya kulipia kwa kutumia mtandao uliojengwa na Google. Mwenye mgahawa wa mji mdogo hakuhitaji mtaji wa namna hiyo. Rauta ndogo ya MikroTik, kampuni ya Latvia, ilikuwa na uwezo wa kuuza muda ndani yake tayari. Hotspot ikishawashwa, mistari miwili inatosha kutengeneza vocha ya saa moja, kwa simu moja tu kwa wakati mmoja:

```
/ip hotspot user profile add name=saa1 shared-users=1 rate-limit=1M/2M
/ip hotspot user add name=k7m4p profile=saa1 limit-uptime=1h
```

Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii. Tozo hiyo ilikatwa kupitia laini ya simu, hivyo aliyeingia kwa waifai isiyotegemea laini aliikwepa. Julai 2021 ilifutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Vocha haikufa pamoja na tozo, na Bwera inaonyesha kwa nini. Mji huo unapakana na Kasindi ya Kongo, na siku za soko la Mpondwe wafanyabiashara huvuka wakiwa na laini za kwao. Kusajili laini ya Uganda kunadai kitambulisho au pasipoti. Vocha haidai laini wala usajili. Anayetaka kutuma picha ya bidhaa na kusubiri jibu la mnunuzi hununua saa moja tu, anamaliza, anarudi ng'ambo.

Lakini saa hiyo inahesabiwaje? Hapa ndipo ugomvi wa kaunta unapozaliwa. Kigezo cha `limit-uptime` huhesabu muda ambao simu imeunganishwa pekee. Mteja akitoka nje, rauta hugundua baada ya dakika chache na kusimamisha hesabu. Akirudi, anaendelea na dakika zilizobaki. Vocha za siku au wiki ni tofauti, kwa sababu programu nyingi za kuzitengeneza, ikiwemo Mikhmon ya Indonesia, huandika tarehe ya mwisho kuanzia mteja anapoingia mara ya kwanza.

Tarehe hiyo inatoka kwenye saa ya rauta, na rauta ndogo nyingi hazina betri ya kuitunza. Umeme ukikatika na kurudi, zenye programu ya zamani huamka zikidhani ni Januari 1970. Vocha za jana, ambazo zilipaswa kufa, zinaendelea kufanya kazi. Vocha mpya iliyofunguliwa wakati huo inaandikiwa kwamba itaisha mwaka 1970, na saa ikisharekebishwa inakufa papo hapo. Mteja aliyelipia siku nzima anarudi kaunta baada ya dakika kumi, na kwa haki kabisa anasema ameibiwa.

Kabla ya kubishana naye, muuzaji anapaswa kuandika `/system resource print` na kuangalia `uptime`, kwa maana saa yenyewe huenda imekwisha kurekebishwa. Akiona rauta iliwaka upya muda mfupi kabla ya vocha kufunguliwa, kosa ni la rauta, na mteja anastahili vocha nyingine. Dawa ni kuwasha NTP ili rauta ichukue saa kutoka mtandaoni, na kutouza vocha za tarehe mpaka saa iwe sahihi. Mpaka hapo auze za saa moja moja, kwa maana hizo hazitegemei kalenda.