Herufi za zana katika Photoshop
Herufi za zana ni vitufe vya kibodi vinavyochagua zana ya kuhariria picha katika Photoshop: B huleta brashi, J zana ya kuondoa madoa, H mkono wa kusogezea picha.

Ukibonyeza H na kuachia, zana ya awali inabadilishwa. Kushikilia kitufe cha nafasi huazima mkono tu. Mfano, anayeondoa madoa ya vumbi kwenye picha ya bonde la Olbalbal, Ngorongoro, iliyokuzwa hadi 200%, hukishikilia, huburuta picha hadi doa linalofuata, kisha hukiachia, J hurudi.

Wakati wa kuandika maneno juu ya picha, vitufe hivyo huandika tu. Ctrl+Enter huhitimisha maandishi, ndipo hufanya kazi tena.