Salamu za Dada Mbele za Watu: Kutoka Doti ya Kanga Hadi Facebook (Sehemu ya 4)

Akina baba mnaosoma kimya kimya, tunawaona. Walioweka watoto kulala wavute kiti, na unayenyonyesha endelea tu, soma kwa mkono mmoja.

Sehemu ya 3 tulizungumzia kadi ya kliniki, na mmoja wenu akaniuliza kitu kizuri: hivi zamani bibi zetu walisherehekeaje siku ya kuzaliwa? Jibu fupi ni kwamba wengi hawakuijua tarehe. Mapokezi hadi leo napokea wazee ambao kitambulisho kinasema Januari 1 au Julai 1, na ukimuuliza anakucheka: "Mwanangu, hiyo alinipa karani." Alichojua ni kwamba alizaliwa wakati wa masika, au mwaka fulani wa njaa, au siku ya Ijumaa, ndiyo maana akaitwa Mwajuma. Kwa Waluo, Akinyi ni wa asubuhi na Atieno ni wa usiku. Jina lenyewe ndilo lilikuwa kumbukumbu. Tarehe kamili imeenea majumbani kwetu kwa njia ya shule, cheti, na ile kadi ya ukuaji wa mtoto, ambayo daktari Mwingereza David Morley aliianzisha akiwa kijijini Nigeria, mama akae nayo mwenyewe nyumbani.

Kwa hiyo "hepi bethidei" ni jambo changa kwetu. Hata ule wimbo tunaoimba wakati wa kukata keki, sauti yake ilitungwa na Mildred Hill, na dada yake Patty, mwalimu wa chekechea kule Kentucky, Marekani, akaweka maneno. Ulitoka kitabuni mwaka 1893 ukiwa wimbo wa kuamkia watoto darasani, maneno ya siku ya kuzaliwa yalikuja baadaye. Dada wawili, mnaona? Lakini hayo ni ya pembeni.

Kisicho kichanga kwetu ni kumsifu ndugu mbele za watu. Na hapo ndipo nataka tukae leo, maana inboksi yangu imejaa swali moja: "Nesi, kesho dada yangu anatimiza miaka, nataka kumwandikia Facebook, nisimwaibishe. Niandike nini?"

Tuanze na kanga. Pwani yetu, mwishoni mwa karne ya 19, akina mama walikuwa wakivaa kanga, na baadaye zikaanza kuandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi tunazosoma leo. Pale Mombasa kuna duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, lile la chapa ya "Mali ya Abdulla" ambayo mama zenu wanaijua. Sasa angalia jinsi kanga inavyosema. Imeandikwa "Nani kama mama", lakini haimtaji mama wa nani. Mtu akimpa dada yake kanga yenye neno la upendo, mtaa mzima utasoma neno, ila kisa kilichofanya lichaguliwe wanakijua wao wawili tu. Na kanga inauzwa doti, vipande viwili, kwa hiyo dada wengi hugawana: wewe kimoja, mimi kimoja. Watu wanaona mnapendana. Kwa nini mnapendana hivyo, hilo halimo kwenye kitambaa.

Halafu ikaja redio. Waliozaliwa miaka ya sabini na themanini wanakumbuka kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza jina lako na unakoishi, unaorodhesha unaowasalimu, na chini kuna nafasi ndogo ya ujumbe. Nafasi ile ilikuwa mstari mmoja, mkizidi sana miwili. Mtangazaji anasoma majina mbio mbio, mtu anaruka kwenye mkeka: "Nimetajwa!" Sisi wa hospitali tulikuwa na chetu, Ugua Pole cha Radio Tanzania, cha kuwasalimu wagonjwa. Na hapo ujumbe ulikuwa ni wa kumtakia mtu nafuu. Mtu aliweza kusalimiwa nchi nzima akiwa kitandani bila nchi kuambiwa kidonda kiko wapi. Isitoshe, redio ilikuwa na huruma moja: neno likishasomwa limekwenda na upepo.

Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu mwaka 2006, na 2009 ikaja kwa Kiswahili. Ikaondoa vitu viwili ambavyo kanga na redio vilikuwa navyo bila sisi kujua: ule mstari mmoja, na ule upepo. Sasa nafasi ni kubwa, unaweza kuandika ukurasa mzima. Na hakiondoki: tangu 2015 Facebook yenyewe inakurudishia posti ya siku kama ya leo mwaka jana, mwaka juzi. Stetasi ya WhatsApp angalau inafutika baada ya saa 24. Halafu kuna wasomaji. Ukimtegi dada yako, hamsomwi na nyie wawili tu. Anasoma bosi wake, mama mkwe, mwalimu wa mtoto, jirani waliyegombana naye, na yule aliyemwacha mwaka juzi. Kila mmoja anasoma na lake moyoni.

Sasa tuifanye kwa mfano. Mama mmoja alinitumia alichotaka kumwandikia dada yake mkubwa, akaniruhusu nikitumie hapa. Nimebadilisha vitu vya kumtambulisha. Kilisomeka hivi:

"Hepi bethidei dada yangu kipenzi, mzaliwa wa tarehe kumi na nne Mei mwaka themanini na tatu! Umepitia mengi, miaka saba ukitafuta mtoto watu wakikucheka, leo Mungu amekujibu. Umenilipia ada hata ulipoachwa huna kitu. Wewe ni mama yangu wa pili. Nakupenda unavyokoroma, hahaha!" Na picha: dada amelala wodini, kilemba kimemtoka, mtoto mchanga kifuani.

Hakuna neno la chuki hapo hata moja. Yote ni mapenzi. Lakini tulipitia mstari kwa mstari.

Tarehe na mwaka. Kwa Tanzania, namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukiandika tarehe kamili umeshamsaidia tapeli kuanza. Na pia si kila mwanamke anataka umri wake utangazwe kwa wafanyakazi wenzake. Tukaacha "leo ni siku yako", basi.

Miaka saba ya kutafuta mtoto. Hapa nilisimama muda mrefu, maana nilimsikia kabisa: kwake hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote, dada alivumilia. Lakini kwetu hospitalini hiyo ni siri ya mgonjwa, haitoki kwenye faili bila yeye kusema. Mdogo mtu hajala kiapo cha uuguzi, sawa. Ila yule mtoto atakua, atajifunza kusoma, na posti itakuwepo. Halafu "watu wakikucheka": hao watu ni akina nani? Ni mawifi. Nao wamo humo humo Facebook, watasoma, na atakayekaa nao Idi ni dada, si wewe mwandishi. Nikamwambia, hili mpigie simu umwambie. Kwa simu litamliza vizuri.

Kuachwa, vivyo hivyo. Angalia sentensi ilivyo: ada ndiyo sifa, kuachwa ni historia ya mtu mwingine imeingizwa humo. Toa kipande hicho, ada inabaki na uzito wake wote.

Kukoroma. Utani ni mzuri, dada na dada bila utani ni majirani tu. Ila kuna utani wa mwili na utani wa tabia. Wa mwili (kukoroma, unene, chunusi, meno) unabaki kwenye mdomo wa kila aliyesoma. Nilimuuliza: dada ana kitu gani anachokichekea mwenyewe akisimuliwa? Akajibu papo hapo: hajawahi kupika wali wa watu wanne, siku zote anapikia harusi. Huo ndio utani wa kuweka, kwa sababu mwenyewe huusimulia.

Picha ya wodini. Hapana jamani. Mama aliyetoka kujifungua, nguo ya wodi, pengine na mgonjwa wa kitanda cha jirani nyuma yake ambaye hajaombwa ruhusa. Kipimo changu ni rahisi: je, hii picha mwenyewe angeiweka? Ile ambayo ameshaiweka kwake, au amewahi kuitumia kwa watu, chukua hiyo. Kama huna, muulize jana yake: "Dada, nikuweke ipi?" Haiharibu mshangao wowote.

"Mama yangu wa pili" tuliiacha kwanza, kisha tukaitoa. Mama yao yuko hai na anasoma, ila si hilo tu. Ni neno ambalo kila mtu anamwandikia kila dada. Nikamwomba anitajie siku moja tu. Akasema: alipokuwa kidato cha pili, dada alikuwa akishona usiku, na kila Ijumaa alimtumia hela kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa alichokuwa anashonea wiki ile. Vipande anavyo mpaka leo, kwenye kopo.

Mwenzenu nilinyamaza. Kitu kama hicho unakiachaje ukaandika "kipenzi"?

Kilichotoka ni hiki:

"Leo ni siku ya dada yangu. Nilipokuwa shule, hela ya matumizi ilinifikia kila Ijumaa imefungwa kwenye kitambaa cha wiki ile. Vitambaa vyote ninavyo, dada, hata kile cha maua ya njano. Asante. Jioni tunakuja kwako kula, na tunajua umepika wali wa watu arobaini. Wako, mdogo wako."

Sentensi fupi sita. Mama mkwe akisoma anaona binti mwenye bidii. Bosi anaona mtu mwaminifu. Watoto wake wakisoma baada ya miaka kumi watataka kuona hilo kopo. Na ile "maua ya njano" mimi sijui ni nini, nilipouliza mwandishi alicheka tu, akasema dada anajua.

Aliiweka asubuhi. Dada mtu hakujibu chochote mpaka mchana, akaandika neno moja chini: "Arobaini na watano."

Sehemu ya 5, Jumapili, tunaingia kwenye picha za watoto wetu wenyewe: mtoto wa wiki moja na stetasi ya baba yake. Maswali yaleteni chini hapa, ya siri inboksi.