Riba fiche ndani ya mchezo

Katika uchambuzi wa fasihi tumezoea kusema "maana fiche": maana ambayo haikutamkwa, lakini maneno yenyewe yanaibeba. Ndiyo sababu napendekeza tuseme riba fiche kwa riba ambayo hakuna aliyeitaja wala kuiandika, ila ukipiga hesabu unaikuta. "Riba ya siri" haifai, kwa kuwa ingeashiria kwamba kuna mtu anadanganya.

Mahali pa kuiona ni kwenye upatu, au mchezo kama wengi tunavyouita. Tuchukue mfano wa wanawake kumi wa Sumbawanga wanaotoa shilingi 50,000 kila mwezi. Kijumbe anakusanya, na mmoja anabeba 500,000. Zamu ya kwanza ni Novemba, ya mwisho Agosti. Kila mtu anatoa 500,000 na kupokea 500,000, kwa hiyo wanaapa kwamba riba haipo.

Lakini huko Ufipa kuna msimu mmoja wa mvua. Novemba mkulima anataka mbegu na mbolea ya kupandia mahindi, na kama zamu yake ni ya Julai, fedha hiyo haimsaidii kitu. Anamwendea mwenzake: "Dada, nipe zamu yako ya Novemba, uchukue yangu ya Julai, nakupa elfu sitini." Wakikubaliana, riba imezaliwa.

Michango ya kila mwezi haibadiliki kwa yeyote kati yao, basi tuiache. Kilichobadilika ni hiki: mkulima anapokea 500,000 Novemba, papo hapo anatoa 60,000, anabaki na 440,000. Kwa ajili hiyo anaachia 500,000 za Julai. Amekopa 440,000 na kulipa 60,000 zaidi baada ya miezi minane. Gawanya 60,000 kwa 440,000, unapata asilimia 13.6, ambayo kwa riba mchanganyiko ni kama asilimia 1.6 kwa mwezi. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa 500,000, wakati fedha hiyo yote hakukaa nayo. Kama 60,000 ingelipwa Julai, hapo kugawanya kwa 500,000 kungekuwa sahihi, na riba ingeshuka hadi kama asilimia 1.4 kwa mwezi.

Bei ya zamu inategemea pia nani anaiuza. Mfanyabiashara wa mahindi anaitaka Julai yenyewe, mavuno yakiwa yameingia na bei iko chini, hivyo anaweza kuiachia Novemba bure, na riba fiche ikawa sifuri.

Tena si 60,000 yote ni bei ya kungoja. Aliyeuza zamu anasubiri hadi Julai, na mtu akipokea mapema kisha akaacha kutoa, chungu cha Julai kitapungua. Ukiona mwenye zamu anamdai mwanachama wa zamani 60,000 na mgeni 90,000 kwa miezi ileile, hizo 30,000 za juu ni bei ya hofu.