Kitunda Kinapofumua Katikati

Wacheza sataranji wanaozungumza Kiswahili wana kete zao na majina yake tayari: mfalme, malkia, ngome, farasi, kitunda. Shaha, neno la Kiajemi la mfalme, limebaki zaidi kwa washairi, ambao bado wana shaha wao wa malenga. Tabu huanza pale tunapotaka kutaja vitendo. Kitunda kinaposukumwa mbele hadi kikagusana na kitunda cha adui, ili njia ifunguke kuelekea kwa mfalme aliyekwama katikati, kitendo hicho tukiite nini?

Wengi husema kuvunja, kwa kuwafuata Waingereza. Hans Kmoch, mwandishi aliyezaliwa Austria, alipendelea neno jingine katika kitabu chake juu ya vitunda, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1959. Yeye alichagua neno la mafundi, ambalo kwetu ni wenzo: vitunda viwili vinavyotazamana hivi kwamba kila kimoja kinaweza kumla mwenziwe. Wenzo unaeleza vizuri jinsi vitunda vilivyosimama, lakini hausemi kazi inayofanyika. Kuvunja kuna kasoro nyingine: kunamfanya mchezaji amtazame anayegonga na anayegongwa, kana kwamba lengo ni kuharibu kitunda cha adui. Mimi nasimama na kufumua. Anayefumua mkeka anauchomoa ukili mmoja, na macho yake yako kwenye nafasi inayobaki, wala si kwenye ukili ulio mkononi.

Mchezo unaonishawishi ulichezwa Hastings, Uingereza, mwaka 1895. Wilhelm Steinitz, aliyekuwa amenyang'anywa ubingwa wa dunia na Lasker mwaka mmoja kabla, alicheza kwa kete nyeupe dhidi ya Curt von Bardeleben wa Ujerumani.

Baada ya hatua ya 16 ya Steinitz kete zimebadilishanwa kiasi cha kila upande kubaki na malkia, ngome mbili, farasi mmoja na vitunda sita. Kwa hesabu wako sawa. Ila mfalme wa Steinitz ameshaingia ngomeni upande wa kulia, na mfalme wa Bardeleben bado yuko e8, pale pale alipoanzia. Mbele yake, e7, amesimama farasi wake. Ngome nyeupe ya e1 na malkia mweupe wa e2 wanamlenga farasi huyo kupitia safu ya e, ambayo haina kitunda hata kimoja. Malkia mweusi wa d7 na mfalme mwenyewe ndio wanaomlinda.

Hapo ndipo neno kukwama linapopata maana yake kamili. Kanuni hazimkatazi mfalme huyu kuingia ngomeni. Anaweza kwenda g8 au c8 sasa hivi, lakini akiondoka tu farasi anabaki na mlinzi mmoja dhidi ya washambuliaji wawili, na analiwa. Kwa hiyo imebaki njia ya miguu: mfalme apande f7, ambako bado anamlinda farasi, kisha ngome ya h8 ihamie e8, halafu mfalme arudi g8 kwa utulivu. Ni hatua tatu badala ya moja, na kila hatua ni muda anaopewa adui.

Bardeleben hakuanza safari hiyo. Hatua yake ya 16 ilikuwa kusogeza kitunda hadi c6, ili kukilinda kiraka cha d5. Unaweza kuelewa sababu. Kitunda cheupe cha d4 hakina jirani wa kukilinda, na mchezaji yeyote mwenye malezi mazuri hupenda kukizuia kisisonge, kisha kukizingira polepole. Wachambuzi wengi wanaona afadhali mfalme angepanda f7 papo hapo.

Steinitz akasukuma 17.d5 hata hivyo, moja kwa moja mdomoni mwa kitunda cha c6. Kwa anayefikiri kuvunja, hatua hii haina akili, kwa kuwa kitunda kinatolewa bure na hakiharibu chochote. Kwa anayefumua, tazama kilichoachwa wazi baada ya Bardeleben kukila. Kitunda chake cha c kimehamia d5, na safu ya c imefunguka kwa ngome nyeupe ya c1. Kiraka cha d4, kilichokuwa kimezibwa na kitunda cha Steinitz mwenyewe, sasa ni kitupu, na farasi wa f3 anakirukia mara moja akiwa njiani kwenda e6. Kitunda cha d4 kilikuwa kizuizi zaidi kwa wenyewe kuliko kwa adui.

Hatua mbili baadaye farasi yuko e6, mbele ya mfalme aliyefika f7 kwa kuchelewa. Malkia mweusi hawezi kumla, kwa sababu malkia mweupe angemla yeye huku ngome ya e1 ikimlinda. Ngome nyeusi inakimbilia c8 kulinda safu ya c, malkia mweupe anahamia g4, kitunda cheusi kinajitokeza g6. Farasi anarudi nyuma hadi g5 kwa shambulio juu ya mfalme, na kwa kuondoka kwake anamfungulia malkia njia ya kumtazama malkia mweusi wa d7. Mfalme analazimika kurudi e8 kumlinda malkia wake. Amerudi alikotoka.

Ndipo ngome nyeupe ikala farasi wa e7, hatua ya 22. Malkia mweusi akiila ngome hiyo, ngome ya c1 inaingia kupitia safu ya c, ngome zote mbili nyeusi zinabadilishwa au kuliwa, na Steinitz anabaki na farasi wa ziada. Yaani safu iliyofumuliwa hatua tano nyuma ndiyo inayomfunga mikono malkia. Bardeleben akamsogeza mfalme f8. Kwa wakati huo kila kete kubwa ya Steinitz ilikuwa inaweza kuliwa, naye hakuwa na nafasi ya hatua tulivu hata moja, kwani ngome nyeusi ikiila ile ya c1 anafungwa yeye. Ngome yake ikaendelea kumsumbua mfalme hatua kwa hatua, f7, g7, kisha h7. Bardeleben hakukubali kushindwa; aliinuka, akatoka ukumbini na kuiacha saa yake imalizike. Steinitz aliwaonyesha waliokuwapo njia iliyobaki hadi mfalme kufungwa d7, na mchezo ukapewa tuzo ya uzuri.

Neno zuri linapaswa pia kuonyesha mipaka yake. Ukifumua, umefumua kwa wote wawili, kwa kuwa safu wazi haina mwenyewe. Ingekuwa mfalme wa Steinitz naye yuko katikati, au ngome yake bado imelala a1 badala ya c1, kutoa kitunda kungekuwa kutoa kitunda tu. Na Bardeleben angepewa hatua mbili za amani, mfalme f7 na ngome e8, mlango ungefunguka nyumba ikiwa tayari imehamwa.

Kinachonichekesha ni kwamba Steinitz mwenyewe hakuwa na hofu ya mfalme wa katikati. Alishikilia kuwa mfalme ni kete inayoweza kujitetea, na ufunguzi mmoja una jina lake ambamo mweupe, katika hatua ya tano, humtembeza mfalme wake hadi e2 huku malkia wa adui akiwa ameshatoka. Aliucheza kwa makusudi, mara nyingi, mbele ya wachezaji wakali.